Kupanga gharama za Umra: hesabu usiku, si siku, na usibadilishe pesa mara mbili bure

Maswali ni yale yale kila msimu. Umra inagharimu kiasi gani? Nibebe dola au riyali? Mbona fulani alikwenda kwa nusu ya bei niliyoambiwa mimi? Swali la kwanza halijibiki mpaka useme mnakwenda wangapi, mtalala usiku mngapi na ni mwezi gani. Mengine yana majibu, na yako hapa chini. Mwongozo huu ni wa anayejipangia safari mwenyewe, ila hata ukienda na wakala fanya hesabu hii kwanza, kisha ndipo ukamsikilize.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho: mume, mke na mama mzazi wa mume, usiku 4 Madina na usiku 6 Makka. Bei zilizomo ni za mfano tu, zimewekwa ili uone hesabu inavyokwenda. Za kwako utaziulizia mwenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Pasipoti za wote, zenye muda wa miezi 6 au zaidi mbele.
- Kalenda ya Kiislamu na ya kawaida, zote mbili mezani.
- Tarehe za aina mbili: unazozitaka, na nyingine unazoweza kuzikubali bei ikizidi.
- Orodha ya nani atalala chumba kimoja na nani.
- Daftari lenye safu tatu: kitu, bei kwa riyali, na kinalipwa lini (kabla ya safari au kule).
- Bei za dola na riyali kutoka maduka matatu ya kubadilisha fedha. Andika bei zote mbili, ya kununua na ya kuuza.

Kila kitu kiandike kwa riyali, hata tiketi uliyotajiwa kwa dola. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni kuzidisha au kugawanya tu. Pesa ya nyumbani iache mpaka hatua ya 7. Ukiichanganya mapema, kila ikipanda au kushuka utafuta daftari zima.

Hatua ya 1: Funga mwezi na njia ya ndege

Mwezi ndio unaoamua bei kuliko hoteli. Ramadhani ni ghali, na kumi la mwisho chumba kile kile huweza kufika bei mara kadhaa ya kawaida. Likizo za shule za Saudia nazo hupandisha. Kama nia yako si Ramadhani hasa, ikwepe.

Kisha njia. Wengi hununua tiketi ya kwenda na kurudi Jedda kwa mazoea. Madina na Makka zimeachana kilomita 450 hivi, kwa hiyo anayetua Jedda na kurudi kwa Jedda, akipitia miji yote miwili, analipia barabara hiyo mara mbili. Uliza tiketi ya kutua Madina na kuondokea Jedda. Hata ikizidi kidogo, linganisha ziada hiyo na nauli ya watu watatu ya safari nzima ya ziada kabla hujasema ni ghali.

Njia hii ina wepesi mwingine. Ukianzia Madina, mikati yako ni Dhul Hulaifa (Abyar Ali), nje kidogo ya mji. Ukitua Jedda na unakwenda Makka moja kwa moja, ihramu unaingia nayo angani kabla ya kuvuka mikati. Aliyepitwa akiwa na nia ya Umra hutakiwa kurudi mikati au kuchinja mbuzi au kondoo Makka kama fidia. Hilo ni fungu la riyali mia kadhaa ambalo halimo kwenye daftari la mtu yeyote.

Hatua ya 2: Hesabu usiku

Hapa ndipo bajeti nyingi zinapovunjika, kwa hiyo twende taratibu.

Ndege ya familia yetu inatua Madina Jumapili tarehe 11, saa 9 usiku. Mtu anaona tiketi imeandikwa tarehe 11, anafunga hoteli kuanzia tarehe 11. Lakini hoteli nyingi za kule hutoa chumba kuanzia saa 10 jioni. Kuanzia saa 9 usiku mpaka saa 10 jioni ni saa 13, na mama mzazi amekaa kwenye kochi la mapokezi na masanduku yake. Watakuambia unaweza kuingia sasa hivi ukilipa usiku mmoja zaidi, na bei ya kaunta saa hiyo si ile uliyoiona kwenye simu.

Kwa hiyo chumba kifungwe kuanzia tarehe 10, yaani usiku wa kuamkia Jumapili. Halafu iandikie hoteli kwamba mtafika baada ya saa 6 usiku. Usipoandika, wanaweza kukuhesabu hukutokea na kukiuza chumba.

Sasa andika usiku mmoja mmoja kwa tarehe: Madina 10, 11, 12, 13. Makka 14, 15, 16, 17, 18, 19. Jumla 10. Wanaondoka Jedda tarehe 20 saa 5 usiku, na chumba wanakitoa mchana. Usinunue usiku wa 11 kwa ajili ya saa hizo chache. Hoteli nyingi hukutunzia mizigo bila malipo huku wewe ukifanya tawafu ya kuaga.

Jambo moja la Madina: kibali cha kuingia Rawdha huchukuliwa kwenye programu ya Nusuk, na ni bure. Nafasi zinaisha mapema. Usifunge hoteli ya Madina kwa usiku mmoja ukitegemea Rawdha, na usimlipe mtu anayekuuzia kibali.

Hatua ya 3: Chagua chumba kwa gharama ya kutwa, si bei ya usiku

Mwisho wa wiki wa Saudia ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa huwa ghali zaidi. Tazama bei ya kila usiku peke yake. Wastani unaooneshwa juu ya ukurasa huficha hilo.

Familia yetu ina hoteli mbili Makka. Ya kwanza ni riyali 250, kilomita 3 kutoka Haram. Ya pili ni riyali 320, mita 700. Mama hawezi kutembea kilomita 3, na Makka ni mji wa vilima, mita za ramani hazioneshi mteremko. Wakienda na kurudi mara mbili kwa siku kwa teksi ya riyali 20, ni safari 4, riyali 80. Hoteli ya "rahisi" imekuwa 330. Wanachukua ya 320.

Kama hoteli ya mbali ina basi la bure, hesabu inabadilika, lakini uliza mambo mawili: basi linakwenda saa ngapi, hasa baada ya Isha na kabla ya Alfajiri, na linashushia wapi. Vituo vingine viko mbali na uwanja wa Haram.

Malazi ya mfano wetu:

- Madina: usiku 4 × 260 = 1,040
- Makka, usiku wa kawaida: 4 × 320 = 1,280
- Makka, Alhamisi na Ijumaa: 2 × 420 = 840
- Jumla: riyali 3,160

Usifunge daftari bado. Kodi ya ongezeko la thamani Saudia ni asilimia 15 tangu Julai 2020, na kurasa nyingi za kukodi vyumba huonesha bei kabla ya kodi mpaka ufike hatua ya kulipa. 3,160 × 1.15 ni 3,634. Tofauti ya riyali 474 ni zaidi ya usiku mmoja. Andika ile ya mwisho kabisa, na uone kama chumba kinaweza kughairiwa bila kulipa. Mpaka viza itoke, chagua kinachoghairika hata kikizidi kidogo.

Hatua ya 4: Usafiri wa kule

Madina hadi Makka kuna treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria 2018, na inachukua saa mbili na kitu. Kuna pia mabasi na teksi. Treni haikufikishi mlangoni, kwa hiyo ongeza teksi pande zote mbili:

- Uwanja wa ndege wa Madina hadi hoteli: 100
- Hoteli hadi stesheni ya Madina: 40
- Treni, watu 3 × 170: 510
- Stesheni ya Makka hadi hoteli: 40
- Ziara za Madina (Quba, Uhud, Qiblatain) na za Makka: 300
- Makka hadi uwanja wa Jedda: 250
- Jumla: riyali 1,240

Treni haisimami Dhul Hulaifa. Ihramu ivaliwe hotelini Madina, na nia iwekwe treni inapofika sehemu ya mikati. Ukienda kwa gari dogo, patana kabla ya kupanda kwamba dereva atasimama Abyar Ali na atasubiri, la sivyo kusubiri kutageuka bei mpya.

Watu watatu wenye masanduku, piga hesabu ya gari zima pia. Treni pamoja na teksi zake mbili ni 590 hapa. Gari la moja kwa moja likitajwa chini ya hapo na linasimama mikati, halina ubaya.

Hatua ya 5: Chakula na vile vidogo

Hesabu chakula kwa siku za kula, si usiku. Tarehe 11 hadi 20 ni siku 10. Watu 3 × riyali 45 × siku 10 = 1,350. Kiasi hicho ni cha mtu anayekula kwenye mikahawa ya kawaida na kununua mkate, mtindi na tende dukani kwa mlo mmoja. Ukitaka kifungua kinywa cha hoteli, uliza bei ya mtu mmoja kwanza. Mara nyingi, kwa watu watatu, ni ghali kuliko milo miwili ya nje.

Vidogo ndivyo vinavyosahaulika:

- Laini ya simu yenye data, moja ya kushirikiana: 100
- Kusukumiwa mama kiti cha magurudumu kwenye tawafu na sai: 250
- Kunyoa kwa mume: 20 (mke na mama hukata ncha za nywele wenyewe)
- Kufua: 60
- Jumla: riyali 430

Kwenye kiti cha magurudumu mpatane na wasukumaji wenye kibali, na bei iwe ya Umra nzima. Anayekubali bei ya tawafu pekee atakuambia bei ya sai mkiwa mmeshafika Safa.

Hatua ya 6: Vinavyolipwa nyumbani

Tiketi 3 × dola 600 ni 1,800. Viza pamoja na bima yake 3 × dola 160 ni 480. Chanjo 3 × dola 20 ni 60. Jumla dola 2,340, sawa na riyali 8,775.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudia, na cheti kibebwe. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano atatakiwa cheti cha hiyo pia. Ukichelewa, gharama si ya sindano tena, ni ya kusogeza tiketi.

Hatua ya 7: Jumlisha, kisha geuza

Matumizi ya kule: 1,240 + 1,350 + 430 = 3,020. Ongeza asilimia 15 ya dharura, 453, inakuwa 3,473. Izungushe iwe 3,500. Zawadi ziwe na fungu lake, tuseme 600. Ukizificha ndani ya "dharura" utabaki bila dharura siku ya tatu. Pesa ya mfukoni ni riyali 4,100.

- Vya kulipia nyumbani: 8,775
- Malazi pamoja na kodi: 3,634
- Mfukoni: 4,100
- Jumla: riyali 16,509, yaani riyali 5,503 kwa kila mmoja

Sasa ndipo unageuza kwa pesa ya nyumbani, kwa bei ya *kuuza* ya duka, kwa sababu wewe ndiye unayenunua. Ile bei unayoiona kwenye simu au inayotajwa kwenye habari ni ya katikati. Hakuna dirisha litakalokupa hiyo.

Hatua ya 8: Riyali huku au dola kule?

Chukua mfano. Duka linauza dola kwa 102 na kuinunua kwa 98. Riyali linaiuza kwa 28 na kuinunua kwa 25.2. Kule Makka unajua dola moja itabadilishwa kwa riyali 3.72, pungufu kidogo ya 3.75.

Gawanya: 102 ÷ 3.72 = 27.4. Hiyo ndiyo bei halisi ya riyali ukipitia dola. Duka linataka 28, kwa hiyo hapa dola ni nafuu. Riyali 4,100 zikinunuliwa moja kwa moja ni 114,800. Kwa kupitia dola unahitaji dola 1,103, ambazo ni 112,506. Umeokoa 2,294. Kama duka lingeuza riyali kwa 27, ungezichukua papo hapo. Hesabu ni hiyo moja, ifanye siku ya kubadilisha kwa bei za siku hiyo.

Hata dola ikishinda, ondoka na riyali 300 za teksi na maji. Viwanja vya ndege ni sehemu mbaya ya kubadilisha kiasi kikubwa.

Makosa matatu yanayokula pesa hapa. La kwanza ni kubadilisha zote siku ya kwanza. Riyali 1,000 ulizonunua kwa 28,000, ukirudi nazo, duka litazichukua kwa 25,200, na 2,800 imekwenda bila kula chochote. Badilisha dola 300 kila mara. La pili ni noti. Chukua noti mpya za dola 100, safi, zisizoandikwa wala kuchanika. Zile za zamani zenye picha ndogo hukataliwa au hupunguziwa bei. La tatu ni mashine ya kadi inapokuuliza ulipe kwa pesa ya kwenu au kwa riyali. Chagua riyali daima. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na hajipunji.

Kiongozi wa kundi anayebeba pesa za wote ajue kwamba kuanzia riyali 60,000, au thamani yake, hutakiwa kutangazwa forodhani.

Ukiletewa bei ya wakala

Iweke ndani ya daftari lako, mstari kwa mstari. Uliza: bei hii ni ya chumba cha watu wangapi (nyingi zinazotangazwa ni za watu wanne), usiku mngapi hasa na tarehe zipi, jina la hoteli badala ya "karibu na Haram", na usafiri gani kati ya Madina na Makka. Kisichotajwa, kihesabu hakimo. Usishangae wakala akikushinda kwenye vyumba vya Makka, kwa sababu wao hununua vingi kwa pamoja. Unapomshinda wewe mara nyingi ni kwenye tiketi na chakula.

Mambo yakienda kombo

*Hoteli haioni jina lako.* Ingia na nakala ya karatasi yenye namba ya kufungia chumba. Mara nyingi wameandika jina la katikati kama la ukoo. Waoneshe namba, usitaje jina tu.

*Pesa zinakwenda haraka kuliko hesabu.* Siku ya 4 hesabu zilizobaki. Kwenye mfano wetu, ukitoa zawadi na dharura, na usafiri ulioshalipwa, chakula kisiwe kimezidi riyali 540 kwa siku hizo nne. Kikizidi, chanzo huwa juisi, kahawa na teksi fupi fupi. Kata hizo kabla hujagusa dharura.

*Ndege imechelewa na usiku wa kwanza unakupita.* Iandikie hoteli kabla ya saa 6 usiku wa tarehe ya kufungia, na utunze jibu. Chukua barua ya kuchelewa kutoka shirika la ndege kabla hujatoka uwanjani, maana bima haitakusikiliza bila hiyo.

*Kadi imekataliwa.* Benki nyingi hufunga matumizi ya nje mpaka uwaambie. Waarifu kabla, na beba kadi ya pili kwa mtu mwingine wa familia, si kwenye pochi ile ile.

*Mizigo imezidi siku ya kurudi.* Pima masanduku hotelini, si kwenye kaunta. Zamzam usiifiche ndani ya sanduku la nguo, itatolewa. Uwanjani huuzwa boksi maalumu la lita 5. Uliza shirika lako mapema kama linalibeba bila kulihesabu kwenye kilo zako.